Nguzo Nne na Maji ya Saa Nne

Nyumbani kwangu ni Tiwi, upande wa bara wa barabara kuu itokayo Likoni hadi Lunga Lunga. Shangazi yangu anakaa Msambweni, upande wa bahari wa barabara hiyohiyo. Katikati yetu upo Ukunda, na pembeni ya Ukunda ipo Diani na mahoteli yake. Ukitazama ramani, safari hii haina fumbo: unapanda lami Tiwi, unaifuata kuelekea kusini, unashuka Msambweni. Kwa miaka mingi ndivyo nilivyokwenda, na kwa miaka hiyo shangazi alikuwa akinipokea kwa maneno yaleyale kabla hata sijaegemeza baiskeli ukutani: "Mwanangu, umefika na roho yako?"

Swali lake ndilo lililonifanya nianze kuipima safari kwa kipimo kingine. Mwendesha baiskeli huhesabu kilomita kwa sababu ndizo zinazochosha miguu. Lakini kilomita haiui mtu. Kinachoua ni mahali ambapo njia yako na njia ya gari zinakatana, na mwendo wa gari hilo wakati zinapokatana. Wahandisi wa barabara huzihesabu sehemu hizo: makutano ya kawaida ya njia tatu yana sehemu 9 ambapo gari linaweza kukutana na gari, na ya njia nne yana 32. Hapo bado hujawatia wanaovuka kwa miguu, wala mkokoteni, wala wewe mwenye baiskeli. Basi nikaacha kuuliza safari ni ndefu kiasi gani. Nikauliza: kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwa shangazi, ni mara ngapi nitakatana na gari lililo mbioni?

Anza na pale Ukunda, barabara ya Diani inapochomoka kutoka barabara kuu. Simama kivulini hapo mnamo saa moja asubuhi utazame kwa dakika kumi tu. Matatu inatoka upande wa Likoni, inampita mtu wa baiskeli kwa kasi, kisha inamkata na kuingia stejini kwa sababu makanga ameona abiria anayepunga mkono. Dereva hakuwa na nia mbaya. Alipompita yule wa baiskeli alishamsahau, macho yake yako kwa abiria. Nyuma yake tuktuk inageuka kushoto kwenda Diani. Bodaboda tatu zinakata kulia kutoka upande wa Msambweni, kila moja ikitafuta upenyo wake. Mwenye baiskeli yuko kwenye ukingo wa kushoto, mahali ambapo alifundishwa kwamba ni salama, na kumbe hapo ndipo wote hawa wanapotaka kupita.

Sisi tunaendesha kushoto, na jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Likikupita gari na kugeukia kushoto, linakata mbele ya tairi lako. Na wewe ukitaka kugeuka kulia, lazima ukate mbele ya magari yanayotoka nyuma yako na pia yanayokuja mbele yako. Kugeuka kushoto ni rahisi, kugeuka kulia ni kazi. Kwa hiyo njia iliyo salama kwenda si lazima iwe salama kurudi, hata kama ni vumbi lilelile. Ilinichukua muda kulitambua hilo, na nilipolitambua ramani yangu iligawanyika mara mbili: ya kwenda na ya kurudi.

Nitaanza na ya kwenda.

Mimi niko upande wa bara, bahari iko upande wa pili. Nikienda kusini, kushoto kwangu ni bahari. Maana yake nikishavuka barabara kuu mara moja asubuhi, pale kwetu Tiwi, kila ninakokwenda kiko upande wangu: Diani, Galu, Kinondo, Gazi, Msambweni. Safari nzima ina mvuko mmoja. Basi ule mmoja naufanya kwa makini.

Sivuki kwenye makutano. Navuka mahali barabara imenyooka, mbali na steji, na navuka kwa miguu nikisukuma baiskeli. Lami yenyewe ina upana wa kama mita 7. Ukijumlisha kingo zake mbili, una mita 10 za kutembea. Mtu anayesukuma baiskeli hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 8 na ushei. Matatu inaruhusiwa na sheria kwenda kilomita 80 kwa saa nje ya mji, ambayo ni mita 22 kwa sekunde. Kwa sekunde 8 itakuwa imekula mita 178. Hivyo nahitaji barabara tupu ya karibu mita 200 kila upande, na mita 200 ni vigumu kuzikadiria kwa macho. Nikatafuta kipimo kilichosimama pale tayari. Nilihesabu hatua kati ya nguzo za umeme mahali ninapovukia, nikapata kama mita 50 kutoka nguzo hadi nguzo. Nguzo nne, basi. Gari likiwa limeshaipita nguzo ya nne kuja kwangu, sivuki, hata likionekana linajikokota. Nguzo za kwako pima mwenyewe, kwa sababu mahali pengine zimekaribiana, na hapo nne hazitatosha.

Nimeona watu wazima wakicheka ninaposimama kuhesabu nguzo. Wacha wacheke. Dereva aliye kwenye kilomita 80 kwa saa, akikuona ghafla, anasafiri mita 22 kabla mguu wake haujagusa breki, kisha anahitaji mita 35 nyingine za lami kavu ili asimame. Hizo ni karibu mita 60, na hapo tumemhesabia breki nzima, tairi zuri na macho yasiyokuwa kwenye simu.

Zamani kulikuwa na rehema moja kwenye barabara hii. Magari mengi yalitoka feri ya Likoni, na feri hutema magari kwa mafungu. Yalikuja kwa msafara, ishirini au thelathini, kisha barabara ikanyamaza, nasi tulivuka wakati wa kimya. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipofika Kibundani na kuungana na hii yetu, magari yanayopitia huko hayangoji feri. Yanakuja moja moja, muda wote. Msafiri wa gari ameshusha pumzi, na ana haki. Lakini mtoto wa shule aliyezoea kungoja kimya baada ya msafara, sasa hukingoja na kisije.

Nikishavuka naelekea baharini, na hapa ndipo njia yangu inapoachana na ramani ya barabara. Kati ya Tiwi na Diani unaingia baharini mto Mwachema. Kwenye mdomo wake, upande wa Diani, upo msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu. Daraja la magari liko juu huko, kwenye barabara kuu. Huku chini hakuna daraja. Lakini maji yakipwa, mdomo wa mto unavukika kwa miguu, na ukishauvuka mbele yako kuna mchanga mtupu kama kilomita 10 hadi Galu, bila gari hata moja.

Ili kuipita njia hii lazima ujue maji, na kuyajua hakuhitaji simu. Kunahitaji kujua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa kama dakika 50. Tarehe 16 ni saa tano kasoro dakika kumi. Tarehe 17 inakaribia saa sita. Ikifika tarehe 22 au 23 asubuhi ile ya saa nne maji ndiyo yamejaa, na tena ni maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, kwa hiyo hata jioni yanapopwa, mto unaweza kubaki na kina. Katika bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika maji mafu ni kama mita moja tu.

Wavuvi wote wanalijua hili, na hesabu yangu siiamini zaidi ya neno lao. Nikifika mdomoni namuuliza yeyote anayetengeneza wavu: "Maji yanarudi saa ngapi, mzee?" Pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, au mvua ya masika ikiwa imenyesha bara, mto huja na maji yake wenyewe na hesabu ya mwezi haikusaidii. Ukiyaona maji ya mto ni mekundu na yanabeba majani, geuka.

Wakati mzuri wa kuvuka ni kabla ya maji kukupwa kabisa, si baada yake. Wengi hungoja mpaka bahari iwe mbali kabisa ndipo waanze, nao wanajikuta wakifuatwa na maji yanayojaa. Na maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tuseme yatapanda mita 3 kwa saa sita: saa ya kwanza yatapanda kama sentimita 25, saa ya pili 50, saa ya tatu 75, na ya nne vilevile 75. Saa ya kwanza inakudanganya. Unaona maji yamekuja kidogo tu, unajisemea bado kuna nafasi, na katika saa ya tatu unajikuta kati ya ukuta wa hoteli na wimbi. Mimi siku ya bamvua navuka Mwachema saa tatu na nusu, nusu saa kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, nikiwa na hakika kwamba kufikia saa nne na nusu au saa tano nimeshapita Galu.

Kuvuka kwenyewe ni hivi. Navua soksi, nabaki na viatu, kwa sababu chini kuna mawe na vipande vya chaza. Naibeba baiskeli begani, upande wa mnyororo ukiwa nje. Naburura miguu mchangani bila kuinyanyua, ili kama kuna taa amelala pale, ahisi na kuondoka kabla sijamkanyaga mkia wake wenye mwiba. Njia ya jana si ya leo, maana mafungu ya mchanga huhama, kwa hiyo natazama waliotangulia wamepita wapi. Maji yakifika magotini naendelea. Yakifika mapajani narudi. Na sivuki peke yangu. Mahali hapa pamejificha, na watu wamewahi kuporwa. Nangoja kina mama wanaokwenda kazini au vijana wa madafu, tunavuka pamoja.

Ufuoni, mchanga haufanani. Ulio juu, mkavu na mweupe kama unga, unameza tairi. Ulio karibu sana na maji bado umelewa maji. Katikati yake pana ukanda ambao maji yameuacha karibuni na jua halijaukausha. Ukanyage kwa kisigino: kisigino kikiacha alama isiyozidi upana wa kidole, hapo panaendesheka. Tairi nyembamba zile za baiskeli ya kiume ya zamani zinapenya hata hapo. Tairi pana za baiskeli ya mlima zinakwenda vizuri, hasa ukizipunguza upepo kidogo. Usizilegeze kupita kiasi, kwani ukigonga jiwe mpira wa ndani utabanwa kati ya jiwe na rimu, na utapata pancha mbili zinazotazamana kama alama ya meno ya nyoka.

Hatari ya ufuo ni moja ambayo mgeni haioni kabisa: kamba za nanga. Maji yakipwa, ngalawa na maboti hubaki yamekaa mchangani au majini karibu, na kamba zake hunyooshwa hadi nchi kavu, zikiwa zimekazika kwa kimo cha kifundo cha mguu. Kamba iliyoloa ina rangi ya mchanga. Nilishawahi kuipata moja kwa tairi la mbele, nikaruka juu ya usukani nikaangukia bega. Tangu siku hiyo nikiona ngalawa, hata ikiwa mbali, natafuta kamba yake kwanza kabla ya kuamua nipite upande gani. Ngamia wanaowabeba watalii ni wapole zaidi kuliko kamba hizo, ila usiwapitie nyuma ghafla wala usiwapigie kengele.

Chumvi nayo ina malipo yake. Baiskeli iliyopita mchanga wa bahari asubuhi, ukiiacha hivyohivyo hadi kesho yake, mnyororo utakuwa umeanza kupata kutu nyekundu. Nikifika Msambweni kitu cha kwanza ninachomwomba shangazi ni ndoo ya maji ya kisima. Namwagia mnyororo, gea na breki, napangusa kwa kitambaa, natia mafuta ya cherehani. Chai inakuja baadaye.

Siku ambazo maji hayaniruhusu, navuka vivyo hivyo Tiwi, kisha nakaa ukingo wa kushoto wa barabara kuu hadi karibu na Ukunda, na kabla mji haujaanza nashika njia za mitaani kushoto, nikielekea barabara ya ufuoni ya Diani. Nimezijaribu nyingi na nyingine zilinidanganya. Picha ya setilaiti inaonyesha njia nyeupe kati ya minazi, nawe ukiifika unakuta ploti imeuzwa mwaka jana, ukuta umesimama, na njia imekufa. Kusini mwa barabara ya Diani kuna kiwanja cha ndege cha Ukunda, nacho kimelala baina ya mji na bahari. Hakuna njia inayokipenya, na anayejaribu kukata moja kwa moja kutoka upande huo hurudishwa kulekule kwenye magari. Njia ya mtaani niliyoipenda naijua kwa alama moja: nikiona nyayo nyingi za watoto wa shule na za tairi za baiskeli, na michirizi michache ya gari, hiyo inatokea mahali. Njia isiyo na nyayo ina mwisho mbaya.

Barabara ya ufuoni ya Diani imetulia kuliko barabara kuu, lakini haijalala. Ina matuta, na matuta yana siri yake. Tuta halifiki hadi ukingoni kabisa. Hubaki upenyo mdogo upande wa kushoto, na bodaboda zote zinaujua. Unapokaribia tuta ukiwa ukingoni, pikipiki iliyo nyuma yako inaukimbilia upenyo uleule. Mimi mita 20 kabla ya tuta natazama nyuma, natoa mkono wa kulia, nasogea katikati ya upande wangu na kulipanda tuta pale kama gari. Pikipiki inapata upenyo wake, mimi napata tuta langu, hatugombani. Nikishalivuka narudi pembeni.

Juu ya barabara hiyo utaona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti hadi mti. Ni madaraja ya mbega na kima, yaliyowekwa na shirika la Colobus Conservation lililoanza kazi Diani mwaka 1997, baada ya mbega wengi kugongwa na magari walipokuwa wakivuka. Mbega hapendi kushuka chini. Msitu ulipokatwa na lami, alilazimika kushuka. Kila nikipita chini ya ngazi zile nashukuru kwamba kuna mtu aliyekaa akatazama ni wapi hasa kiumbe huyu anavukia, akamwekea njia palepale, badala ya kumwambia akavukie kwingine.

Baada ya Galu unafika Kinondo, penye ile kaya ambayo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Njia inapita kando ya msitu, ina kivuli na mizizi, na mkunazi ulioegemea njia hudondosha miiba inayotoboa tairi jipya. Beba viraka. Mbele ya hapo, kuelekea Makongeni na Gazi, zipo njia za minazini ambazo wenyeji huzipita kila siku. Nazipita kwa kuuliza nyumba hadi nyumba, kwa salamu kwanza, kwa sababu nyingi zinapita uani mwa mtu. Baiskeli inayokatiza uani mwa watu bila salamu hufungiwa njia kesho yake.

Lakini baada ya Gazi, njia za panya zinaisha. Mto Mkurumudzi unaingia katika ghuba ya Gazi kupitia mikoko, na baiskeli haivuki tope la mikoko. Daraja ni moja, la barabara kuu. Hapa hakuna ujanja. Lazima nipande lami, na kwa kuwa nageuka kushoto tu, kupanda kwenyewe hakuna kuvuka.

Kipande hiki nakiendesha kwa sheria mbili. Ya kwanza ni ya ukingo. Mvua imekula pembe za lami, na mahali pengine ukingo umeshuka kimo cha kiganja. Gari likikusukuma ukashuka huko, usijaribu kupanda tena ukiwa unaendesha sambamba na lami. Tairi la mbele litasugua ule mwinuko, litakataa kupanda, na baiskeli itakutupa upande wa magari. Shuka, simama kabisa, inyanyue baiskeli, anza upya. Ya pili ni ya daraja. Darajani hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo nasimama kabla yake, nasikiliza, nangoja pande zote mbili zinyamaze, kisha naingia katikati ya upande wangu na kukanyaga kwa nguvu zangu zote hadi ng'ambo. Malori ya madini yaliyokuwa yakienda Likoni kwa zaidi ya miaka kumi yamepungua tangu uchimbaji ulipokoma Desemba 2024. Trela za miwa bado zipo, na miwa hutokeza pembeni kuliko trela lenyewe. Trela likikupita, jihesabie nusu mita zaidi.

Sasa kurudi. Hapa ramani ya pili inaingia kazini.

Maji yaliyokuwa yamekupwa saa nne asubuhi yatakuwa yamejaa saa kumi jioni, kwa hiyo njia ya mchanga haipo. Na mimi naelekea kaskazini, upande wangu wa barabara sasa ni wa bara. Nikitaka kurudi kwa njia ileile ya asubuhi, nitavuka Msambweni kuupata upande wa kushoto, nitavuka tena kulia kuingia Kinondo, na nitavuka mara ya tatu Ukunda kuurudia upande wa kushoto. Mivuko mitatu, huku jua likienda kuzama. Nikikaa kwenye barabara kuu moja kwa moja nitavuka mara moja tu, palepale Msambweni, na nyumbani nitafika nikiwa upande wangu, lakini nitapita katikati ya Ukunda, kati ya steji na makutano, saa ambayo kila mtu anakwenda nyumbani.

Nilijaribu yote mawili kwa muda mrefu kabla ya kuamua. Ninavyofanya sasa ni hivi: navuka Msambweni kwa nguzo nne, nakaa kushoto hadi karibu na Ukunda, na kabla ya steji nateremka kwenye mitaa ya upande wa bara, nikiuzunguka mji kwa nyuma kupitia vichochoro vya majumba na mashamba ya mihogo, kisha naitokea barabara kuu upande wa kaskazini, makutano yakiwa nyuma yangu. Inaniongezea kama robo saa. Mvuko ni mmoja, na mbali na steji. Kutoka hapo hadi Tiwi ni ukingo wa kushoto tu.

Saa ya kuondoka Msambweni ni saa tisa, isizidi. Katika majira ya kusi upepo huwa mgongoni kwa safari ya kaskazini, nao unakusukuma vizuri. Wakati wa kaskazi unakuja usoni na nusu saa inakupotea bila kujua, kwa hiyo naondoka saa nane na nusu. Huku kwetu jua likizama giza halibembelezi, dakika ishirini tu na huoni shimo. Nina taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na kwenye pedali nimebandika vipande vya kuakisi mwanga, kwa sababu kinachopanda na kushuka dereva hukitambua mapema kuliko kilichotulia. Lakini taa naziwasha nikiwa bado Ukunda, jua lingalipo.

Juzi shangazi aliniambia kwa simu kwamba anataka kumtuma mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne, aje Tiwi kwa baiskeli siku ya Jumamosi. Nilimuuliza Jumamosi hiyo ni mwezi ngapi. Akahesabu kwa vidole: tarehe 9. Nikamwambia asije siku hiyo, ni maji mafu na asubuhi yamejaa. Aje Jumamosi inayofuata, tarehe 16, na nitamngoja Galu kabla ya saa nne, tuje naye kwa mchanga hadi Mwachema. Kijana akachukua simu ya bibi yake akauliza jambo moja tu, kama kule darajani nguzo zinaonekana vizuri.